Pembetatu ya Udongo, kutoka Luseni hadi Mbuga

Udongo wa shamba, ukiondolewa mawe, changarawe na mabaki ya mimea, hubaki na chembe za madini ambazo wanasayansi huzigawa katika makundi matatu kwa ukubwa wake, na uwiano wa makundi hayo matatu ndio unaoitwa unamu wa udongo. Kundi la kwanza ni mchanga, wenye chembe za kipenyo cha kuanzia milimita 0.05 hadi 2, ambazo hukwaruza vidole na nyingi kati yake huonekana kwa macho. Kundi la pili ni tope laini, lenye chembe za kati ya milimita 0.002 na 0.05, ambazo zikiloweshwa huteleza vidoleni bila kunata sana. Kundi la tatu ni mfinyanzi, wenye chembe ndogo kuliko milimita 0.002, ambazo zikilowa hunata na kufinyangika. Samadi huweza kuurutubisha udongo na jembe huweza kuulegeza, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachobadilisha uwiano wa chembe zenyewe, na kwa sababu hiyo shamba likishapimwa unamu wake mara moja kwa uangalifu, jibu hilo hutumika kwa miaka mingi.

Kwa kuwa asilimia za makundi hayo matatu lazima zifikie 100 zikijumlishwa, udongo wowote huweza kuonyeshwa kwa nukta moja ndani ya pembetatu yenye pande tatu zilizo sawa. Katika mchoro unaotumiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao umeenea katika vitabu vya kilimo duniani, ncha ya juu ni ya mfinyanzi mtupu, ncha ya chini kushoto ni ya mchanga mtupu, na ncha ya chini kulia ni ya tope laini tupu. Asilimia ya mfinyanzi husomwa upande wa kushoto, na mistari yake hulala sambamba na kitako cha pembetatu. Asilimia ya mchanga husomwa kwenye kitako, na mistari yake hupanda kuelekea kushoto. Asilimia ya tope laini husomwa upande wa kulia, na mistari yake hushuka kuelekea kushoto. Mistari miwili inatosha kuipata nukta, na ule wa tatu hubaki kuwa wa kuhakiki tu, kwa maana usipopita hapo hapo, kuna hesabu iliyokosewa. Nukta hiyo huangukia katika mojawapo ya maeneo 12, na jina la eneo ndilo jina la daraja la udongo.

Anayeuangalia mchoro huo kwa makini hugundua kwamba maeneo hayo hayakugawanywa kwa usawa. Udongo hauitwi mchanga mpaka uwe na angalau asilimia 85 ya mchanga, ilhali ule wenye asilimia 40 tu ya mfinyanzi unaweza kuitwa mfinyanzi, na ule unaoitwa tifutifu, unaosifiwa kuwa na uwiano mzuri, una mfinyanzi wa asilimia 7 hadi 27 peke yake. Sababu iko katika eneo la uso wa chembe. Gramu moja ya chembe za duara zenye kipenyo cha milimita 0.001 ina eneo la uso mara 1,000 ya gramu moja ya chembe za milimita 1, na kwa kuwa chembe halisi za mfinyanzi ni bapa, tofauti yenyewe huzidi hapo. Maji na virutubisho hushikiliwa juu ya nyuso hizo na katika vinyweleo vyembamba vilivyo kati yake, hivyo mfinyanzi kidogo hutosha kuutawala mchanga mwingi. Pembetatu hiyo ilichorwa ili kueleza tabia ya udongo, na tabia hiyo haifuati uzito wa kila kundi kwa usawa.

Mfano mzuri wa jambo hili unapatikana katika miteremko ya Usukuma, kusini mwa Ziwa Viktoria, ambako vilima vya mawe ya matale hushuka taratibu hadi mabonde mapana. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, alieleza mwaka 1935 kwamba katika nchi za namna hii aina za udongo hufuatana kwa mpangilio ule ule kila mteremko unaposhuka. Wakulima wa Kisukuma walikuwa wamekwisha kuzipa aina hizo majina: udongo wa kichanga ulio karibu na kilima huitwa luseni, na ule mweusi wa bondeni, unaonata masika na kupasuka kiangazi, huitwa mbuga.

Tuseme udongo umechukuliwa katika ncha zote mbili za mteremko mmoja, ukapondwa, ukachekechwa ili changarawe itoke, kisha kila sampuli ikatiwa katika chupa ndefu ya kioo pamoja na maji na kijiko cha sabuni ya unga, ambayo huzuia chembe za mfinyanzi zisishikamane. Chupa hutikiswa kwa nguvu kwa dakika kadhaa, kisha huwekwa mahali pasipo mtikisiko. Chembe kubwa huzama haraka zaidi: katika maji ya kina cha sentimita 15 mchanga huwa umetua baada ya dakika moja hivi, tope laini huhitaji karibu saa 12, na mfinyanzi huendelea kushuka kwa siku kadhaa. Kila muda unapotimia, alama hutiwa kwenye chupa. Ikiwa katika chupa ya luseni tabaka la mchanga lina milimita 40, la tope laini 6 na la mfinyanzi 4, jumla yake ni milimita 50, na asilimia ni 80, 12 na 8. Nukta yake huangukia katika eneo la mchanga wenye utifutifu, jirani ya ncha ya chini kushoto. Ikiwa chupa ya mbuga ina milimita 10, 12 na 28, asilimia ni 20, 24 na 56, na nukta huangukia katika eneo la mfinyanzi bila shaka yoyote. Kipimo hiki si cha maabara, kwa sababu tabaka la mfinyanzi lililolowa huvimba na kuonekana nene kuliko uzito wake, lakini kwa udongo ulio mbali na mipaka ya maeneo jibu lake hutosha.

Sasa kabichi ipandwe katika sehemu zote mbili, mizizi yake ifike kina cha nusu mita, na hali ya hewa iwe ya kuifanya itumie milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 5 kwa kila mita moja ya mraba. Udongo ukishalowa kabisa na maji ya ziada yakachuruzika, hubaki na akiba ambayo mizizi inaweza kuivuta kabla mmea haujanyauka. Kwa udongo wa kichanga akiba hiyo yaweza kuchukuliwa kuwa milimita 80 katika kila mita ya kina, na kwa mfinyanzi milimita 180. Katika nusu mita, basi, luseni ina milimita 40 na mbuga ina 90. Kwa kuwa kabichi huanza kuumia muda mrefu kabla akiba haijaisha, ni busara kumwagilia nusu yake inapokuwa imetumika: milimita 20 kila baada ya siku 4 kwa luseni, na milimita 45 kila baada ya siku 9 kwa mbuga.

Hesabu hiyo inasahihisha dhana iliyoenea sana, kwamba mchanga huhitaji maji mengi zaidi. Kabichi imetumia milimita 5 kwa siku kule na huku. Kilichotofautiana ni mgawanyo wa maji hayo. Mkulima wa luseni akimwaga milimita 45 kwa mara moja, kama jirani yake wa bondeni, milimita 25 hupita chini ya mizizi, na katika bustani ya mita za mraba 1,000 hizo ni lita 25,000 zilizopotea, tena zikiwa zimebeba naitrojeni ya mbolea. Dalili yake ni majani kuwa ya manjano kuanzia chini ya mmea ingawa mbolea ilitiwa, na wengi huongeza mbolea wakati dawa ni kupunguza maji ya kila mara.

Kasi ya maji kuzama nayo hutofautiana. Mchanga hupokea milimita 30 au zaidi kwa saa, hivyo milimita 20 huingia ndani ya dakika 40. Mfereji mrefu ukitumika hapo, maji huzama karibu na mwanzo wake na mimea ya mwisho hubaki na kiu, ndiyo maana mifereji mifupi au mipira ya matone hufaa zaidi. Mfinyanzi uliokwisha kulowa hupokea milimita 1 hadi 5 kwa saa, na kwa kasi ya milimita 3 zile 45 zitahitaji saa 15. Ulegevu huo wa kupitisha maji, ambao ni adha kwa kabichi, ndio unaowezesha mpunga wa majaruba kustawi katika mbuga.

Katika kulima, mfinyanzi hutoa nafasi fupi. Ukiwa mkavu hutoka mabonge magumu ambayo ng'ombe huchoka kuyakokotea plau, na ukiwa na maji mengi plau huukandika na kuziba vinyweleo. Kipimo cha kuaminika ni kuchukua udongo wa kina kinachokusudiwa kulimwa na kuuviringisha viganjani: ukitoa kamba nyembamba ya milimita 3 bila kukatika, bado una maji mengi, na ukianza kukatika katika unene huo, wakati wa kulima umefika. Luseni hulimika karibu wakati wowote, na wepesi huo ndio hatari yake, kwani kulimwa mara kwa mara humaliza haraka mboji yake ndogo, na jembe likipita kila mwaka katika kina kile kile hujenga tabaka gumu chini yake. Tabaka hilo hutambulika kwa kuchimba shimo na kuona mizizi ikigeuka kwenda ubavuni.

Kuna udongo mmoja ambao huipa pembetatu mtihani mgumu. Udongo mwekundu wa Kiambu na wa nyanda nyingine za juu zenye asili ya volkano huweza kuwa na mfinyanzi mwingi sawa na wa mbuga, nao mchoro huupa jina lile lile, lakini maji huzama ndani yake kwa urahisi na jembe halisumbuki. Mfinyanzi wake ni wa aina isiyovimba, na oksidi za chuma huziunganisha chembe kuwa punje imara zenye nafasi kati yake. Hata chupa hudanganywa, maana punje hizo hukataa kuachana na huzama pamoja na mchanga. Mkulima wa huko hapaswi kuchukua kasi ya kuzama kutoka kwenye jedwali la mfinyanzi. Afadhali akikite kipande cha bomba pana ardhini, aloweshe udongo kwanza, ajaze maji tena na kupima kwa rula yameshuka milimita ngapi kwa saa. Kipimo hicho hicho kikifanywa kwenye mbuga iliyopasuka kwa ukame, kisomwe baada ya nyufa kufungana, kwa sababu saa ya kwanza maji hukimbilia katika nyufa na kuonyesha kasi ambayo mfinyanzi wenyewe hauna.