Ideali za 12 na 90

Ideali ni seti ya namba kamili ambamo kujumlisha au kutoa namba mbili za ndani hakutoki nje ya seti, na namba ya ndani ikizidishwa kwa namba kamili yoyote, jibu hubaki ndani. Dhana hii iliingizwa katika hisabati na Mjerumani Richard Dedekind mwaka 1871. Kwenye namba kamili, kila ideali ni vigawe vya namba moja tu. Ukiacha ideali yenye sifuri peke yake, namba hiyo ni ile chanya iliyo ndogo kuliko zote ndani yake: namba nyingine ya ndani ikigawanywa kwayo, baki nalo limo ndani, na kwa kuwa ni dogo zaidi, halina budi kuwa sifuri.

Tuchukue (12), yaani vigawe vyote vya 12, na (90). Jumla yake ni seti ya kila namba inayopatikana kwa kujumlisha kigawe cha 12 na kigawe cha 90. Si kuzichanganya tu seti mbili: 102 ni 12 + 90, nayo si kigawe cha yeyote kati yao. Kila jumla ya namna hiyo hugawanyika kwa 6, na 6 yenyewe inapatikana: 90 − 7 × 12 = 6. Kwa hiyo jumla ni (6), na 6 ndiyo KKS ya 12 na 90.

Namba zilizomo katika ideali zote mbili kwa pamoja ni vigawe vya KDS, yaani (180). Zao la ideali hizo ni (1080), kwa kuwa 12 × 90 = 1080. Hapa ndipo wengi huteleza, wakidhani zao na sehemu ya pamoja ni kitu kimoja. Namba 180 imo katika sehemu ya pamoja, lakini haimo katika zao. Ikumbukwe kwamba 1080 ni kigawe cha 180, hivyo (1080) imo ndani ya (180). Pengo lake ni KKS yenyewe: 6 × 180 = 1080. KKS ikiwa 1, kama kwa 12 na 35, pengo hutoweka.

Radikali ya ideali hukusanya namba zote ambazo, zikipandishwa kwa kipeo fulani, huingia ndani ya ideali hiyo. Kuipata, namba huchambuliwa kuwa namba tasa, kisha vipeo vyote hushushwa kuwa 1. Kwa kuwa 180 = 2² × 3² × 5, radikali yake ni (30); na 1080 = 2³ × 3³ × 5 hutoa (30) vilevile. Tofauti iko kwenye kipeo kinachohitajika. 30² = 900 ni kigawe cha 180, ila si cha 1080; inabidi kufika 30³ = 27,000, ambayo ni 25 × 1080.