Friji Imeharibika na Dhamana Haijaisha: Andika Barua Hivi

Mwezi Januari 2025 maziwa yalichacha nyumbani kwetu siku mbili mfululizo, ingawa yalikuwa ndani ya friji. Samaki katika chumba cha kugandishia walikuwa wagumu kama mawe, lakini huku chini mchicha ulikuwa umenyauka. Mota ilikuwa ikinguruma kama kawaida.

Fundi wa mtaani alitaka kuifungua papo hapo. "Kompresa imekufa, mama," alisema. Mume wangu alimzuia, nami nikaenda kabatini kutafuta kadi ya dhamana. Ilisema kwamba friji ikifunguliwa na fundi asiyetumwa na kampuni, dhamana imekwisha. Ilisema pia jambo ambalo sikuwa nimelisoma vizuri: miaka 5 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ya kompresa peke yake. Vifaa vingine vyote vina miezi 12, kuanzia siku ya kununua. Tulinunua tarehe 14 Machi 2024. Tulibakiwa na wiki chache tu.

Nilipopiga simu kwa kampuni niliulizwa, "Ni friji gani?" Nikajibu kwamba ni nyeupe, ya milango miwili. Kijana akacheka kwa upole, maana za namna hiyo wanazo nyingi. Nikamsomea namba iliyo kwenye kadi, akasema haimo katika vitabu vyao. Kumbe muuzaji aliiandika kwa mkono, na 8 yake ilisomeka kama B.

Dawa yake ni picha. Ndani ya friji, ubavuni karibu na droo za mboga, au nyuma karibu na kompresa, kuna kibandiko chenye namba mbili. Ya kwanza ni ya modeli, nayo ni ya friji zote za aina ile. Ya pili ni ya friji yako peke yake. Nilikipiga picha kwa simu, kwa karibu, nikiwa nimezima mwanga wa simu ili kisimetemete. Kisha nikapiga picha ukuta wa nyuma wa chumba cha kugandishia, uliokuwa umejaa barafu nene, na risiti. Usisahau risiti, kwa kuwa karatasi za mashine hufifia, na huenda maandishi yakatoweka kabla ya dhamana kwisha.

Barua yenyewe ilikuwa hivi:

*27 Januari 2025*

*Meneja, Huduma kwa Wateja*

*YAH: MADAI YA DHAMANA, FRIJI MODELI 260-W, NAMBA 4880172*

*Nilinunua friji hiyo tarehe 14 Machi 2024 kwa wakala wenu. Tangu tarehe 20 Januari chumba cha chini hakipoi, lakini cha juu kinagandisha na mota inanguruma. Barafu imejaa kwenye ukuta wa nyuma wa chumba cha juu. Friji inatumia stabilaiza na haijafunguliwa na fundi yeyote.*

*Namba iliyo kwenye kadi iliandikwa vibaya. Iliyo sahihi inaonekana katika picha ya kibandiko. Naambatanisha picha hiyo, picha ya barafu, na nakala za risiti na kadi.*

*Naomba mtume fundi ndani ya siku 14 aitengeneze bila malipo, kwa kuwa miezi 12 haijaisha.*

Angalia kwamba sikuandika "kompresa imekufa". Niliandika nilichokiona. Ukitaja ugonjwa usio na hakika nao, utajibiwa kuhusu huo, na siku zitapita. Stabilaiza niliitaja kwa kuwa dhamana nyingi hazilipii madhara ya umeme kupanda na kushuka. Kama huna, usiseme unayo. Fundi atakuja na ataona.

Barua niliipeleka kwa wakala, na nakala yangu ikapigwa muhuri wa "Imepokelewa" wenye tarehe. Muhuri huo ndio ushahidi kwamba ulilalamika kabla dhamana haijaisha, hata kama fundi atachelewa.

Fundi alikuja siku ya tisa. Alikuwa ameiona picha ya barafu, akaja na kifaa mkononi. Hita ndogo inayoyeyusha barafu ilikuwa imekatika, kwa hiyo barafu iliziba njia ya hewa baridi kwenda chini. Kompresa ilikuwa nzima. Kama ningengoja hadi Aprili nikitegemea ile miaka 5, hita hiyo ningeilipia mwenyewe.

Na kampuni ikikaa kimya? Kwa Tanzania, peleka nakala zako Tume ya Ushindani, ambayo hulinda walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua friji yako ukitafute kile kibandiko. Kipige picha wakati bado inafanya kazi.