Paa likivuja, anayeishi chini analipaje?

Mwenye fleti ya chini hulalamika kwanza: dari lake kavu, mchango wa nini? Lakini paa la zege ni mali ya pamoja. Maji yanayopenya hufikia nondo, zikashika kutu na kuvimba, na vipande vya zege vikaanza kubanduka. Madoa ya kahawia darini ni dalili. Kupaka rangi juu yake ni kujidanganya.

Ada ya kila mwezi humlipa mlinzi na umeme wa ngazi. Haikupangiwa kazi hii. Tuseme ukarabati ni shilingi 2,400,000 na akiba ni 600,000. Zinapungua 1,800,000.

Nchini Kenya, sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo hugawa michango kwa uwiano wa hisa za kila fleti. Fleti nane zenye hisa 8 na nne zenye hisa 9 zinafanya hisa 100, hivyo hisa moja ni 18,000. Fleti ndogo italipa 144,000, kubwa 162,000. Ghorofa unayokaa haibadilishi hesabu. Mpangaji naye hadaiwi. Anayedaiwa ni mwenye fleti.