Mkupuo au Mafungu?

Mama yangu mkubwa alifundisha shule za msingi mkoani Morogoro kwa zaidi ya miaka thelathini. Mafao yake ya mkupuo yalipoingia, shilingi milioni 40, alilipa deni la SAKOSI milioni 4, akatenga milioni 6 za paa, na nyingine 6 akaziweka akiba ya dharura. Zikabaki milioni 24 ambazo alitaka zikae miaka kumi zikizaa. Akanipigia simu: “Mwanangu, nizitie zote kwenye hisa leo, au nizigawe nitie milioni 2 kila mwezi?”

Wengi wangemjibu haraka kwamba agawe, kwa sababu ukinunua kidogo kidogo, bei ikishuka unapata vingi. Hilo ni kweli, ila ni nusu ya hesabu. Tuchukue mfano mdogo wa milioni 6, na kipande cha mfuko kinachouzwa shilingi 500. Ukinunua kwa mkupuo unapata vipande 12,000. Ukigawa kwa miezi mitatu na bei ikawa 500, kisha 400, kisha 500 tena, unapata vipande 4,000, halafu 5,000, halafu 4,000: jumla 13,000. Mafungu yameshinda. Sasa bei ipande: 500, 550, 600. Unapata 4,000, kisha 3,636, kisha 3,333, jumla 10,969. Vipande zaidi ya elfu moja vimepotea kwa kusubiri tu.

Kwa hiyo anayegawa anashinda bei ikishuka wakati wa kugawa, na anashindwa ikipanda. Kwa kawaida watu hununua hisa kwa sababu wanatarajia zitapanda kwa muda mrefu, na ndiyo maana mkupuo hushinda mara nyingi zaidi. Mwaka 2012 kampuni ya Vanguard ya Marekani ilipima jambo hili kwa takwimu za miaka mingi za Marekani, Uingereza na Australia. Ililinganisha mkupuo na kugawa kwa miezi 12, na mkupuo ukawa mbele katika takriban theluthi mbili ya vipindi vyote.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa sana. Mfanyakazi anayetia sehemu ya mshahara kila mwisho wa mwezi hagawi chochote. Anaiwekeza fedha yote aliyonayo siku anayoipata. Sifa zake hazimhusu mtu aliyeshika milioni 24 mkononi. Huyu anazo zote leo, na kila fungu analolichelewesha ni uamuzi wa kuliacha nje ya soko.

Gharama ya uamuzi huo inategemea mahali fedha inaposubiri. Kwetu jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana katika vitabu vya wenzetu. Ukigawa milioni 24 kwa miezi 12, fungu la kwanza likiingia leo, kila shilingi inasubiri wastani wa miezi mitano na nusu. Tuseme hisa zitazaa asilimia 14 kwa mwaka. Fedha ikisubiri kwenye akaunti ya kawaida isiyolipa kitu, kusubiri kunakugharimu takriban shilingi 1,540,000. Lakini ikisubiri kwenye mfuko kama wa Ukwasi wa UTT AMIS, ambao huweka fedha kwenye amana za benki na dhamana, na tuseme unazaa asilimia 11, gharama inashuka hadi kama 330,000. Asilimia hizo ni za mfano, lakini pengo lake ndilo la kulitazama. Anayegawa huku fedha imelala bure analipa bima ghali mno.

Na bima hiyo inakinga nini? Tuseme mama ametia zote, na mwezi unaofuata soko linashuka asilimia 20. Kwenye karatasi amepoteza milioni 4.8. Angekuwa ametia fungu moja tu la milioni 2, angepoteza laki 4. Aliyetulia hadi bei zikarudi hakuumia kwa vyovyote vile. Aliyeuza kwa hofu ndiye aliyeumia kweli, na mstaafu aliyeona kiinua mgongo cha maisha yake kikipungua ndani ya wiki nne ana kila sababu ya kuogopa. Mafungu yanamsaidia mtu huyo asikimbie, na hapo ndipo yanapostahili bei yake.

Kuna mambo ambayo mafungu hayawezi. Hayaokoi kitu kinachoporomoka kwa miaka. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya. Katikati ya 2021 zilikuwa zimevuka 40, na mwishoni mwa 2023 zilikuwa chini ya 15. Aliyeanza kununua kileleni, hata angegawa kwa mwaka mzima, angekuwa bado katika hasara mwishoni mwa 2023. Dawa ya hilo ni kutoweka fedha zote katika kampuni moja, na hata miezi 12 ya mafungu haiwezi kushika nafasi yake.

Vilevile kugawa hakuna maana kwa fedha inayokwenda kwenye mfuko wa ukwasi au amana ya benki. Pale inaposubiri ndipo inapokwenda. Swali zima linahusu sehemu ya hisa tu, au mfuko unaochanganya hisa na hatifungani, kwa kiasi cha hisa zilizomo.

Ninachokiogopa zaidi, hata hivyo, ni simu. Fedha inayosubiri inajulikana. Mpwa ana ada, jirani ana msiba, kamati ya harusi ina kadi, na fundi amegundua kwamba paa linahitaji mbao zaidi. Nimeona mafungu matano ya mtu yakiishia hivyo, bila soko kugusa hata shilingi. Kwa mtu asiyeweza kusema hapana, mkupuo ni kinga, kwa sababu kuuza vipande kunachukua siku kadhaa na kunampa nafasi ya kufikiri.

Nilimuuliza mama swali moja: “Tuseme milioni hizi tayari ziko kwenye hisa. Leo ungeuza nyingi, kisha uzirudishe kidogo kidogo?” Akasema hapana, kisha akanyamaza. “Lakini zikishuka nitashindwa kulala.” Jibu lake lote lilikuwa kweli, na mpango ukatoka hapo.

Milioni 12 zilibaki kwenye mfuko wa Ukwasi moja kwa moja. Milioni 12 nyingine zilikuwa za hisa za kampuni kadhaa: milioni 6 zikaingia siku hiyo, na milioni 6 zikagawanywa kwa miezi sita, milioni moja kila tarehe 5, zikisubiri huko huko kwenye Ukwasi. Tuliandika tarehe hizo kwenye karatasi na sharti moja, kwamba bei ikishuka fungu halirukwi, kwa kuwa mtu anayesimama wakati wa bei ya chini amelipia bima kisha akaikataa siku ya kuitumia. Tulichagua miezi sita, kwa sababu muda mrefu zaidi ungeongeza gharama ya kusubiri bila kumpunguzia hofu sana.

Mwezi wa nne bei zilishuka. Tarehe 4 jioni nilimpigia nikiwa nimejiandaa kumtuliza, akaniambia ameshatuma asubuhi ile, siku moja kabla, maana alikuwa mjini kwa shughuli nyingine na foleni ilikuwa fupi.