Mkato wa Mshororo na Marudio ya Kiitikio katika Slaidi za Nyimbo za Ibada: Mfano wa Makanisa ya Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam

Katika makanisa mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni hadi Mbagala na Tandika upande wa Temeke, nyimbo za ibada husomwa sasa kutoka sehemu tatu: kitabu, karatasi iliyotolewa nakala na ukuta unaomulikwa na projekta. Maneno yanaweza kuwa yaleyale, lakini usomaji wake haufanani. Kitabu kama Tenzi za Rohoni, au Mwimbieni Bwana cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, hukaa mkononi mwa mwimbaji, naye hupeleka jicho lake anapotaka. Slaidi haimpi nafasi hiyo. Anachokiona ni kile tu ambacho mwendeshaji amekionyesha kwa wakati huo, na kilichopita kimepita. Makala haya yanajadili jinsi tofauti hiyo inavyoathiri mambo mawili: mahali pa kukata mshororo na namna ya kupanga kiitikio.

Kwa kuwa mfano wa kweli ungehitaji kunukuu utenzi uliopo, ubeti ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu tu. Una mishororo minne yenye mizani 8, 7, 8 na 7, ambao ni mpangilio wa kawaida wa tuni nyingi za tenzi:

Jua lachomoza pwani,
nuru ya Mungu yaja;
mioyo ya watu wake
yaimba kwa umoja.

Mwandaaji anayetaka kuokoa nafasi huunganisha mishororo miwili kuwa mmoja. Mshororo wa kwanza na wa pili vikiunganishwa hufikia takribani herufi 40, pamoja na nafasi na alama za uandishi. Katika slaidi pana ya uwiano wa 16:9, kwa herufi za pointi 40, mstari huo hutosha, hivyo kwenye kompyuta ya mwandaaji hakuna kasoro inayoonekana. Projekta nyingi za zamani, hata hivyo, zina uwiano wa 4:3. Slaidi ya PowerPoint ya umbo hilo ina upana wa pointi 720, na baada ya kuacha pambizo hubaki nafasi ya herufi kama 32 kwa mstari. Faili likibadilishwa umbo, au likitumika katika programu inayopanga maneno upya kulingana na skrini iliyopo, kama OpenLP, ubeti huo hutokea hivi:

Jua lachomoza pwani, nuru ya
Mungu yaja;
mioyo ya watu wake yaimba kwa
umoja.

Hapa pameharibika mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, kituo cha tuni, ambapo waimbaji huvuta pumzi, sasa kimo katikati ya mstari bila alama inayoonekana kwa mbali isipokuwa mkato mdogo. Pili, mstari umeishia kwenye "ya" na "kwa". Katika Kiswahili, a-unganifu hupatana kwa ngeli na nomino iliyotangulia, lakini kimatamshi huegemea neno linalofuata. Msemaji akisita, husita kabla yake, si baada yake. Ndivyo ilivyo pia kwa "ni", "si", "na" na "kwa" zikitangulia nomino. Mwimbaji asiyeujua wimbo hufuata jicho, akavuta pumzi baada ya "ya", wakati jirani yake anayeujua kwa moyo amekwisha kuanza "Mungu". Sauti hupishana, na asiye na uhakika hunyamaza. Kinachopotea hapo ni sauti ya mgeni, ya kijana, au ya mzee aliyeacha kitabu nyumbani kwa kuutegemea ukuta.

Dalili ya kasoro hii ni rahisi kutambua. Neno moja au mawili yakibaki peke yake katika mstari, au mstari ukiishia kwa neno fupi la kuunganisha, mkato huo umewekwa na mashine. Tiba ni mwandaaji kuweka mkato mwenyewe palipo na kituo cha tuni. Mshororo wa mizani 8 kwa kawaida hauzidi sana herufi 20, hivyo hutosha kwenye projekta yoyote kati ya hizo mbili. Iwapo ubeti una mishororo sita ya 8.7.8.7.8.7, ugawanywe minne kwa miwili. Kuugawa mitatu kwa mitatu hutenganisha jozi ambayo tuni yenyewe imeiunganisha, hata kama slaidi zinapendeza zaidi zikilingana.

Suala la kiitikio lina sura nyingine. Vitabuni kiitikio huchapwa mara moja, chini ya ubeti wa kwanza, na msomaji hurudi juu kila baada ya ubeti. Mwandaaji anayenakili ukurasa kama ulivyo hupata ubeti wa 1, kiitikio, ubeti wa 2, ubeti wa 3. Na baada ya ubeti wa 2 ukuta humwonyesha mwimbaji maneno ambayo hayajafikiwa. Wengi hukijua kiitikio kwa moyo, hivyo wimbo hausimami hapo. Husimama kwenye kurudi, mwendeshaji anapohangaika kutafuta ubeti. Katika OpenLP sehemu za wimbo huandikwa mara moja, kisha mfuatano hutajwa kando:

```
V1 C1 V2 C1 V3 C1 C1
```

Mfuatano huu unarudia kiitikio mara mbili mwishoni, na hapo pana mtego. Slaidi mbili zinazofanana zikifuatana, mwendeshaji hubonyeza asione badiliko, hudhani kitufe hakikufanya kazi, hubonyeza tena na kutoka nje ya wimbo. Alama ndogo pembeni mwa slaidi ya pili huondoa shaka hiyo.

Katika PowerPoint mambo ni tofauti kidogo. Njia ya kawaida ni kunakili kiitikio baada ya kila ubeti. Upo ufumbuzi mwepesi kwa wimbo uliowekwa katika faili lake: kila ubeti ukiwa slaidi moja na kiitikio kikifuata, ubeti wa 1 huwa slaidi ya 1, wa 2 slaidi ya 3, wa 3 slaidi ya 5, wa 4 slaidi ya 7. Kiongozi wa ibada akitangaza ghafla "ubeti wa kwanza na wa mwisho", mwendeshaji huandika 7 na kubonyeza Enter mara kiitikio cha kwanza kinapokaribia kwisha. Hesabu hiyo huvunjika pale ubeti mmoja unapogawanywa katika slaidi mbili, au slaidi ya jina la wimbo inapotangulizwa.

Karatasi bado ina nafasi yake, hasa misibani, ambako waombolezaji hutoka madhehebu tofauti, na umeme unapokatika. Kwenye karatasi kiitikio kinaweza kuchapwa mara moja, kikiingizwa ndani kidogo. Kinachosumbua huko ni "x2". Ikiwekwa mwishoni mwa mshororo wa nne, haijulikani kama unarudiwa mshororo huo pekee, miwili ya mwisho au kiitikio chote. Mabano yanayofunga mishororo inayorudiwa, na "x2" nje ya mabano, hutosha kuondoa utata. Kwenye slaidi "x2" haina budi kuepukwa kwa mshororo mmoja: mshororo unaorudiwa uandikwe mara mbili.