Mchumba wa mtandaoni anakwepa video? Kagua picha zake

Chukua mfano wa binti anayechati kwa wiki sita na kijana anayejiita mhandisi wa meli. Kila usiku kijana anatuma picha mpya. Lakini binti akiomba waonane kwa video, jibu hubadilika: Jumatatu kamera ya simu imeharibika, Jumatano mtandao wa baharini ni dhaifu, Ijumaa nahodha amepiga marufuku simu.

Mzazi, kisingizio kimoja si ushahidi. Mtandao dhaifu kweli unaweza kukata video na bado picha zikapita. Angalia kama maneno yake yanaoana. Kamera iliyoharibika Jumatatu imewezaje kupiga picha ya Jumanne? Kama simu zimepigwa marufuku, anachati na nini mchana kutwa? Mtu wa kweli akishindwa leo hutaja siku nyingine. Tapeli hununa na kuuliza, "Kwani huniamini?"

Wengine hupiga video ya sekunde chache, uso unatabasamu, kisha inakatika. Huenda ni video ya mtu mwingine iliyorekodiwa zamani. Binti amwombe aguse sikio la kushoto na kutaja siku ya leo. Video iliyorekodiwa haiwezi kutii.

Kisha zigeukieni picha. Ihifadhini moja kwenye simu, fungueni programu ya Google, bonyezeni alama ya kamera iitwayo Lens, na mchague picha hiyo. Mtaonyeshwa kurasa zenye picha kama hiyo. Ikitokea kwenye ukurasa wa mtu mwenye jina jingine, tena iliwekwa miaka kadhaa iliyopita, kuna uwezekano mkubwa kuwa imeibwa. Msimtukane mwenye picha, maana naye ameibiwa.

Isipopatikana, msiseme ni salama. Picha iliyotoka kwenye akaunti iliyofungwa haitaonekana, na matapeli hugeuza picha kushoto kulia ili isitambulike. Jaribuni picha nyingine mbili au tatu, kisha zitazameni kwa macho. Maandishi ya fulana yanasomeka kinyume? Pembeni kuna mabaki ya jina lililokatwa? Anasema yuko nyumbani Tanga, mbona gari analoendesha lina usukani kushoto?

Ukaguzi huu ufanyeni pamoja. Binti akinyang'anywa simu, atahamia kuchati kwa siri, na hapo ndipo tapeli hupata nafasi ya kuomba hela ya "nauli" au picha za faragha za kumtishia nazo baadaye. Mpaka uso uonekane kwenye video, isitumwe hela wala picha.

Kama ameshaomba hela kwa ujumbe wa simu hapa Tanzania, iripotini namba yake kupitia 15040, namba ya kuripoti utapeli. Kama hela imeshaondoka, msifute mazungumzo. Pigeni skrinishoti, mtunze ujumbe wa muamala, na mwende nazo polisi.