Tangazo la Nyumba ya Wageni Likitekwa: Namna ya Kuliandikia Jukwaa

Tuchukue mfano wa mmiliki wa nyumba ya wageni yenye vyumba sita mjini Bagamoyo. Jumatatu alipokea barua pepe iliyofanana na za jukwaa analotangazia vyumba vyake, ikidai kwamba mgeni amelalamika. Alibofya kiungo na kuandika nywila yake katika ukurasa bandia. Matapeli wakaingia katika akaunti yake, wakabadilisha akaunti ya benki ya kupokelea malipo, kisha wakawaandikia wageni: "Thibitisha kadi yako ndani ya saa 24, la sivyo nafasi yako itafutwa." Ujumbe huo ulipitia kisanduku halisi cha jukwaa, ukataja jina la mgeni na tarehe zake, ndiyo maana uliaminika. Mmiliki alitambua Jumatano, mgeni alipouliza kwa nini anadaiwa mara ya pili.

Yakikufika haya, lipigie jukwaa simu mara moja, kisha andika barua siku hiyohiyo. Barua isimulie tukio kwa ufupi na itaje hatua unazozitaka, kwa mfano:

"Mimi ni mmiliki wa tangazo namba (andika namba). Jumatano, saa 3:00 asubuhi, mgeni mwenye nafasi namba (andika namba) alinionesha ujumbe ambao sikuuandika. Picha yake nimeiambatisha. Naomba leo hii mzuie malipo yote ya akaunti yangu, mviondoe vifaa vyote vilivyoingia humo, na mrejeshe taarifa za benki zilizokuwapo kabla ya Jumatatu. Naomba pia orodha ya wageni walioandikiwa, ili waonywe, pamoja na kumbukumbu za kuingia katika akaunti. Tafadhali msifute ujumbe wowote, kwani ni ushahidi."

Ombi la kuondoa vifaa lisisahaulike. Kubadilisha nywila peke yake huenda kusimtoe tapeli ambaye tayari yumo ndani. Aidha, ikiwa ulipakua faili au kufuata maelekezo ya kubandika maandishi katika kompyuta, usibadilishe nywila kwa kompyuta hiyo kabla haijasafishwa. Tumia kifaa kingine.

Usingoje jibu ndipo uwaonye wageni. Wapigie kwa namba ulizozihifadhi mwenyewe, kwa kuwa kisanduku cha ujumbe bado kinaweza kusomwa na tapeli. Aliyekwisha kutoa taarifa za kadi awasiliane na benki yake papo hapo, aifunge kadi na kupinga malipo hayo. Jukwaa laweza kukataa kurejesha fedha zilizolipwa nje ya mfumo wake, hivyo benki ndiyo njia yake ya kwanza.

Mwisho, toa taarifa polisi, kwa kuwa kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Namba ya RB utakayopewa iongeze katika barua yako inayofuata kwa jukwaa, na nakala za barua zote uzihifadhi.